Kijana wa mpira bila kopo la poda: chakula chetu cha wiki hapa Malindi

Mwanangu ana miaka 16, anacheza winga, na alianza msimu akiwa na kilo 56. Mabeki wa timu za wakubwa walikuwa wanamsukuma kama pazia. Akaniambia, "Mama, wenzangu wanakunywa poda ya protini." Nikaenda kuuliza bei ya hilo kopo, nikakuta halipishani sana na kodi ya nyumba yetu ya mwezi. Nikageuza kopo nisome nyuma: kijiko kimoja kina gramu 24 za protini, na protini yenyewe imetoka kwenye maziwa. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo kijiko kile ni mayai manne, basi.

Kocha wake hakuwa na haja na kopo pia. Alinieleza kwamba baadhi ya poda hizi zimewahi kukutwa na dawa zilizokatazwa michezoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo, na mchezaji akipimwa akakutwa nazo, msalaba ni wake hata kama hakujua.

Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri mtu anayefanya mazoezi makali apate kati ya gramu 1.4 na 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Nikachukua 1.6 nikazidisha kwa 56, nikapata karibu gramu 90. Hapo ndipo nilipokaa chini kuangalia anachokula. Protini ilikuwapo nyumbani, ila karibu yote ilikuwa inakuja usiku. Asubuhi chai ya rangi na mahamri, mchana sahani ya shule, jioni anarudi mazoezini anakunywa maji na kusubiri samaki wa saa mbili. Mwili hauweki protini akiba kama unavyoweka mafuta, na misuli hujengeka vizuri zaidi ikiletewa mara kadhaa kwa siku, kila mara kiasi cha gramu 20 hivi. Kazi yangu ikawa kuigawa.

Nichukue Jumanne, siku ya mazoezi. Asubuhi anakula mayai mawili, kikombe cha mbaazi za nazi na mahamri yake, na chai inapikwa kwa maziwa matupu, kikombe kizima. Hiyo inafika karibu gramu 30. Watu huniuliza kama tui si mafuta mengi mno. Kwa anayekimbia jioni nzima, hayo mafuta ni nguvu, nayaacha. Mchana shuleni ni wali na maharagwe au githeri, kama gramu 19 akipata sahani iliyojaa. Nafaka na jamii ya kunde zinasaidiana, kile kinachopungua kwenye wali kimo kwenye maharagwe. Akitoka uwanjani ana konzi ya njugu na kikombe cha mtindi, gramu 15, kabla hata ya kuoga. Usiku ugali na samaki, 30. Jumla inapita 90 kidogo, na hakuna kilichotoka mbali kuliko duka la jirani.

Wiki yenyewe inasimama juu ya sufuria ya Jumapili. Jumamosi usiku naloweka kilo ya mbaazi au pojo, na hapa maji yana maneno. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa, na mbaazi ukizichemsha nayo zinakaa ngumu hadi makaa yaishe. Naloweka na kuchemsha kwa maji ya bomba. Wengine hutia magadi kulainisha. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na mchezaji anaihitaji hiyo ili wali aliokula ugeuke kuwa nguvu. Nyanya na ukwaju navyo visiingie mapema, kwa sababu uchachu unazuia ganda kulainika. Tui, nyanya na chumvi natia mbaazi zikishapasuka. Zikipoa nazigawa kwenye vibakuli: vya siku tatu vinakaa kwenye friji, vilivyobaki vinaganda juu.

Jumatatu na Jumatano usiku ni pojo kwa chapati, na yai la kuchemsha pembeni. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa ni samaki. Kuku ni wa Jumapili. Jumamosi ni mechi, na siku hiyo sitaki maharagwe karibu naye asubuhi, maana gesi itamkimbiza kuliko beki. Masaa matatu kabla ya mpira anakula viazi vitamu au wali na yai moja, kisha mlo mzito wa protini unamsubiri akirudi.

Kwa samaki, hesabu ya wengi hukosea mfupa. Changu mzima wa kilo, ukitoa kichwa, miiba na matumbo, unabaki na nyama karibu nusu kilo. Tukiwa wanne kila mmoja anapata gramu 125 za nyama, yaani kama gramu 25 za protini. Jodari ana nyama nyingi zaidi kwa pesa ile ile, lakini mimi simnunui saa kumi jioni akiwa juu ya meza bila barafu. Jodari na kibua wakikaa joto hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, hata ukaange mpaka awe mkaa. Dalili zake ni ulimi kuwasha kama uliokula pilipili, uso kuwa mwekundu, na kichwa kugonga muda mfupi baada ya kula. Nauliza mtumbwi umeingia saa ngapi. Jibu likizunguka, naenda kwa mama karanga, yule mama anayekaanga na kuuza samaki, nichukue samaki mdogo niliyemwona akitoka ndooni kuingia kwenye karai.

Kusi ikianza, bahari inachafuka, mitumbwi ya Mayungu na Ngomeni haitoki kila siku, na bei ya samaki inapanda hadi mtu unatamani kurudi nyumbani. Miezi hiyo dagaa wakavu ndio wanatubeba. Gramu 30 za dagaa, konzi moja iliyojaa, zina kama gramu 17 za protini, na kwa kuwa wanaliwa na miiba yake kijana anayerefuka anapata na kalisi. Nawachagua wanaong'aa rangi ya fedha. Wakiwa wa manjano na wana harufu ya mafuta ya zamani, wamechacha. Nawaosha kwa maji vuguvugu mchanga utoke, nawakaanga kidogo, ndipo waingie kwenye nyanya na tui.

Chakula peke yake hakimjengi mtu. Jioni tatu kwa wiki anapiga press-up, anachuchumaa na begi la vitabu mgongoni, na anapanda ngazi za barazani kwa mguu mmoja mmoja, kila wiki akiongeza kidogo. Bila hayo protini ya ziada inaungua tu au inageuka mafuta.

Uzito anapima Jumamosi asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ile ile ya duka la dawa, na anaandika kwenye daftari. Tunalenga kilo moja hivi kwa mwezi. Akipanda haraka kuliko hapo, kiuno cha suruali ndicho kinachotuambia kama ni misuli au ni chapati. Zipo wiki mizani ilibaki palepale na yeye akilalamika miguu mizito na kusinzia darasani. Mjomba wake akashauri aongezewe nyama. Mimi nikaongeza wali mchana, kiazi kitamu saa kumi na mkate asubuhi, kwa sababu mwili usiposhiba wanga unaichoma protini kama kuni, na samaki wote wale wanaishia kwenye jasho. Uzito ukaanza kusogea tena.