Dakika Moja na Sekunde Kumi na Mbili

Karatasi ya Hisabati ya KCSE ina alama 100 na muda wa saa mbili unusu. Gawanya dakika 150 kwa alama 100, unapata dakika moja na nusu kwa kila alama. Hesabu hiyo ndiyo niliyoanza nayo niliporudi kujisomea kama mtahiniwa wa kibinafsi. Daftarini ilipendeza. Saa ilipoanza kutembea ilinibana, kwa maana haibakizi hata dakika ya kusoma maswali, ya kuchagua, wala ya kurudi nyuma.

Nikaishusha hadi dakika moja na sekunde kumi na mbili kwa alama. Sehemu ya Kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, kwa hiyo inakwisha kwa saa moja. Sehemu ya Pili unachagua matano kati ya manane, kila moja alama kumi, yaani dakika 12 kwa swali, saa nyingine hiyo. Zinabaki dakika 30: tano za kuchagua, 25 za kurudi kwa yale niliyoyaruka.

Katika mazoezi sikujali sana jumla ya muda. Pembeni mwa kila swali niliandika kwa penseli nilianza dakika ya ngapi na nikamaliza ya ngapi. Baada ya karatasi kadhaa, namba hizo zilianza kunisema. Maswali ya grafu, ambayo nilikuwa nikiyakimbilia kwa sababu nayaelewa, yalikuwa yananila robo saa na zaidi. Kujaza jedwali ni haraka. Kinachochelewesha ni kupanga skeli, kuweka nukta na kuchora mkunjo usio na kona. Alama ni zile zile kumi, ila zinauzwa ghali.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kujua ni wakati gani hasa wa kuliacha swali. Wengi husema ukikwama, ruka, lakini kukwama ni nini? Chukua hili la alama tatu, ambalo bajeti yake ni kama dakika tatu na nusu:

log (2x + 10) − 2 log 2 = log (x − 2)

Kama nakumbuka kwamba 2 log 2 ni log 4, na kwamba kutoa logi ni kugawanya, mstari wa kwanza unakuja wenyewe: (2x + 10) / 4 = x − 2. Kisha 2x + 10 = 4x − 8, na x ni 9. Hapo hata muda ukipita kidogo namalizia, kwa sababu kila mstari naujua kabla sijauandika. Lakini kuna siku nililitazama swali la aina hiyo, kanuni ikanitoka kabisa, nikawa nalisoma upya na upya huku kalamu imesimama. Dakika mbili zilikuwa bado zangu. Niliziacha. Tangu hapo najiuliza swali moja tu: mstari unaofuata naujua? Kama siujui, naondoka, hata kama bajeti haijaisha.

Siondoki mikono mitupu, lakini. Maelezo ya karatasi yenyewe yanasema alama zinaweza kutolewa kwa hatua sahihi hata jibu likiwa si sahihi. Kwa hiyo naandika nilichonacho, hata kama ni 2 log 2 = log 4 pekee, kisha naizungushia namba ya swali duara la penseli. Uzuri ni kwamba majibu huandikwa kwenye nafasi iliyo chini ya kila swali, kwa hiyo kuruka hakuchanganyi namba.

Sehemu ya Pili ina ujanja wake. Katika zile dakika tano sitafuti swali rahisi, natafuta lile ambalo vipengele vyake havitegemeani. Mchoro wa vipimo, kwa mfano: ukipima pembe ya kwanza vibaya, umbali na mielekeo yote inayofuata inapinda nayo. Swali lenye (a), (b) na (c) zinazojitegemea linaniruhusu kuruka ndani yake.

Leo kwenye chumba cha mtihani Sehemu ya Kwanza ilikwisha na maduara manne. Niliporudi, sikufuata namba. Nilianza na yale mawili yaliyobakiza hatua moja, yakakubali. La tatu lilinipa mstari mmoja zaidi. La nne sikuligusa, kwa kuwa nilikuwa na swali la alama kumi ambalo kipengele chake cha mwisho, alama tatu, kilikuwa bado kitupu na nilikijua.

Kwa karatasi ya pili nabadilisha jambo moja: grafu, kama itakuwapo na nikaichagua, itakuwa ya tano, si ya kwanza.