Basi Lililomwacha Amina

Nilikuwa darasa la sita, na siku ile nilimaliza jaribio la hesabu kabla ya wenzangu wote. Nilifunga daftari kwa kishindo kidogo, makusudi, ili walionizunguka wasikie. Swali la mwisho lilikuwa la mafumbo, lenye alama kumi, na nililiona jepesi mno. Bado nalikumbuka karibu neno kwa neno:

"Mabasi ya kutoka Kituo A kwenda Kituo B huondoka kila baada ya dakika 25, na la kwanza huondoka saa 1:05 asubuhi. Safari huchukua saa 1 na dakika 45. Kutoka Kituo B kwenda Kituo C mabasi huondoka saa 3:10, saa 3:35 na saa 4:15, na safari huchukua dakika 50. Amina alifika Kituo A saa 1:48 asubuhi. Je, alifika Kituo C saa ngapi? Kwa jumla alisubiri mabasi kwa muda gani?"

Nilianza vizuri. Kwenye pembe ya karatasi niliorodhesha mabasi ya kwanza kwa kuongeza 25 kila mara: 1:05, 1:30, 1:55, 2:20. Amina kafika 1:48, basi la 1:30 limeshaenda zake, kwa hiyo anapanda la 1:55. Amesubiri dakika 7. Jirani yangu wa dawati aliandika dakika 18, maana alihesabu kutoka 1:30 mpaka 1:48, yaani alimsubirisha Amina basi lililokwisha ondoka kabla hata hajafika. Nilichungulia, nikamcheka moyoni.

Kisha nikajumlisha muda wa safari. Niliandika saa kwa nukta, kama nilivyozoea kuandika desimali, 1.55 juu na 1.45 chini, nikapiga mstari. Tano na tano kumi, andika sifuri, beba moja. Tano na nne tisa, na moja kumi, andika sifuri, beba moja. Moja na moja mbili, na moja tatu. Jibu likaja 3.00. Saa 3 kamili! Nililipenda jibu lile kwa jinsi lilivyokaa sawa. Wakati ule niliamini kwamba hesabu ikitoka na namba iliyotimia, bila vipande vya kuning'inia, basi imepatikana.

Yaliyobaki yakaenda haraka. Amina kafika Kituo B saa 3:00, basi la kwanza kuondoka ni la 3:10, anasubiri dakika 10. Anaongeza dakika 50 za safari: 3.10 na 0.50 ni 3.60. Hapo nikatabasamu, kwa sababu mtego huu niliujua. Hakuna saa inayoitwa 3:60. Dakika 60 ni saa nzima, nikaifuta na kuandika saa 4:00. Jumla ya kusubiri ikawa 7 na 10, dakika 17.

Daftari lilirudi kesho yake na alama mbili kati ya kumi. Alama hizo mbili zilikuwa za dakika 7. Chini ya saa 3:00 yangu mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu na kuandika, kwa mwandiko wake mdogo ulioegemea kulia: "Basi la 3:10 limemwacha Amina. Bado yuko njiani."

Sikuelewa. Nilirudia hesabu pale pale mara mbili, na mara zote mbili nikapata 3.00. Nikainua mkono na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba mwalimu amekosea kusahihisha.

Darasa likanyamaza. Mwalimu hakukasirika. Alininyooshea chaki.

"Njoo ubaoni. Usijumlishe chochote. Basi limeondoka saa 1:55. Nipeleke mpaka saa 2 kamili. Umetumia dakika ngapi?"

"Tano, mwalimu."

"Safari ina saa 1 na dakika 45. Katika zile 45, zimebaki ngapi?"

"Arobaini."

"Basi endelea na safari."

Nikaongeza dakika 40 juu ya saa 2, ikawa 2:40. Nikaongeza ile saa moja. Mkono ulikuwa umeshaandika 3:40 ubaoni kabla kichwa hakijakubali. Nilisimama nikiitazama ile 3:40, na daftarini mwangu 3.00, na sikuona ni wapi dakika arobaini zilikokwenda.

"Sasa tafuta basi lake," akasema.

Saa 3:40. Basi la 3:10 limekwenda, na la 3:35 limekwenda dakika tano tu kabla ya Amina kushuka. Limebaki la 4:15. Nikaona hapa ndipo pa kujikomboa, nikatoa upesi kwa mtindo wangu ule ule: 4.15 toa 3.40. Moja haitoi nne, kopa kwa jirani, kumi na moja toa nne ni saba. Nikaandika 75 na kugeuka kulitazama darasa.

"Dakika 75," nikasema.

Mwalimu alikuna kidevu. "Kutoka saa 3:40 mpaka saa 4:40 ni muda gani?"

"Saa moja."

"Na saa 4:15 iko kabla ya 4:40, au baada yake?"

"Kabla."

"Kwa hiyo Amina anasubiri zaidi ya saa moja, au chini yake?"

Nikajibu chini yake, nikaitazama 75 yangu, na nilichofanya baadaye ni kuifuta kwa kiganja badala ya dasta. Nikahesabu kwa njia yake: 3:40 mpaka saa 4 kamili ni 20, saa 4 mpaka 4:15 ni 15, jumla 35. Akachukua chaki na kuchora mstari wa kusimama katikati ya saa na dakika, mahali nilipokuwa naweka nukta yangu. Kushoto akaandika "saa", kulia "dakika". "Ukivuka mstari huu," akasema, "hubebi kumi wala mia. Unabeba sitini. Na ukikopa, unapewa sitini." Kisha akanirudisha kwenye dawati na kuendelea na somo.

Jioni nilikaa na karatasi ile peke yangu. Nilijua nimekosea, lakini lililonikera ni lile la 3.60. Kwenye ukurasa ule ule, mistari miwili chini ya kosa, nilikuwa nimekumbuka mwenyewe kwamba saa ina dakika 60. Iweje nikumbuke pale na nisikumbuke hapa?

Nilijaribu hesabu nyingine nyingi kabla sijaona. Dakika zikijumlishwa zikafika kati ya 60 na 99, jibu la desimali hutoka na sura ya ajabu: 3.60, 4.65, 2.87. Saa za namna hiyo hazipo, na jicho hukataa. Lakini dakika zikifika 100 au zaidi, kama 55 na 45, ile mia inajibeba yenyewe kwenda upande wa saa bila kumwambia mtu, na nyuma yake inabaki namba safi isiyoshukiwa. Kosa lililo kubwa zaidi ndilo lililokuwa limevaa vizuri.

Na kosa lenyewe lilikuwa na kipimo. Saa 3:00 yangu na 3:40 ya kweli, tofauti ni 40. Dakika 75 zangu na 35 za kweli, tofauti ni 40. Nilibadilisha namba, nikatunga safari zangu mwenyewe, na kila nilipobeba au kukopa mia mahali pa sitini nilipotea kwa dakika 40 kamili, kwa sababu mia toa sitini ni arobaini. Kwenye kujumlisha nilifika mapema kwa dakika 40. Kwenye kutoa nilisubiri zaidi kwa dakika 40. Na pale ambapo dakika hazikuvuka saa, kama 1:48 mpaka 1:55, desimali na saa zilitoa jibu lile lile. Ndiyo maana wiki nzima ya mazoezi nilikuwa napata vema: maswali yale mengi hayakuwa yamevuka saa.

Nikakamilisha swali. Amina anapanda la 4:15, anaongeza dakika 50, dakika zinakuwa 65, ambazo ni saa moja na 5. Anafika Kituo C saa 5:05. Amesubiri 7 na 35, jumla dakika 42.

Lakini mara hii sikuamini tena jibu kwa uso wake. Nikapima muda wote, kutoka 1:48 mpaka 5:05: mpaka saa 2 ni dakika 12, mpaka saa 5 ni saa 3, na dakika 5 juu yake, jumla saa 3 na dakika 17, yaani dakika 197. Kisha nikajumlisha vipande vya safari: kusubiri 7, kusafiri 105, kusubiri 35, kusafiri 50. Vikatoka 197. Nikarudi kwenye jibu langu la jaribio kulifanyia vivyo hivyo. Kutoka 1:48 mpaka 4:00 ni dakika 132. Vipande vyangu, 7 na 105 na 10 na 50, ni 172. Zilikuwa zimezidi 40. Dakika zangu zilizopotea zilikuwa pale siku zote, zikingoja mtu wa kujumlisha.

Asubuhi nilimpelekea mwalimu karatasi kabla hajaingia darasani. Aliisoma amesimama, akapita kila mstari kwa ncha ya kalamu, akapiga vema moja chini ya 197. Nilingoja aniongezee alama. Hakuongeza.

"Na kama Amina angechelewa kidogo," akasema, "akafika Kituo A saa 1:56?"

Maskini Amina, nikawaza, dakika moja tu na basi limeshamwacha. Nikahesabu palepale, karatasi nimeiegemeza ukutani. Basi linalofuata ni la 2:20, anasubiri dakika 24. Saa 2:20 na saa 1:45, dakika 65, anafika Kituo B saa 4:05. Anasubiri dakika 10 tu. Anapanda la 4:15.

"Si ndilo basi lile lile la jana!" nikasema.

"Anafika saa ngapi?"

"Saa 5:05." Nikajumlisha 24 na 10. "Na amesubiri dakika 34. Jana alisubiri 42."

"Zimepungua ngapi?"

Nane, nikamjibu, kisha nikatazama tena: kutoka 1:48 mpaka 1:56. Mwalimu alikuwa ameshageuka anaelekea darasani, daftari za wenzangu kwapani.