Uzoefu wangu: kutoa ekari za shamba la korosho kwenye ramani ya 1 cm kwa mita 50

Shamba la kikundi upande wa Nanyamba, mkoani Mtwara, lina umbo lisilonyooka: upande mmoja barabara, upande mwingine korongo linalokwenda limepinda. Urefu mara upana haufai hapo. Nilichokuwa nacho ni nakala ya ramani iliyoandikwa pembeni "1:5,000", yaani sentimita 1 ni mita 50, na wanakikundi walitaka kujua ekari ili wapange mahitaji ya salfa.

Kabla ya kuhesabu chochote nilipima mstari wa skeli uliochorwa chini ya ramani. Kipande kilichoandikwa mita 200 kilitakiwa kiwe na sentimita 4 kamili. Rula ilinipa 2.8. Maana yake ramani ilipunguzwa kwenye mashine ya fotokopi, kutoka karatasi ya A3 kwenda A4, huku maandishi ya "1:5,000" yakibaki vilevile. Ndiyo maana mimi huamini mstari kuliko maandishi: mstari hupungua pamoja na ramani, tarakimu hazibadiliki.

Kwa nakala ile, sentimita 1 ilikuwa 200 ÷ 2.8, karibu mita 71.4. Ningeweza kuendelea na namba hiyo, lakini ramani ya asili ilipatikana, mstari wake ukasoma sentimita 4 sawasawa, nikafanyia kazi hiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Skeli ni ya urefu, si ya eneo. Mraba wa sentimita 1 kwa 1 juu ya ramani ni kipande cha ardhi chenye mita 50 upande huu na mita 50 upande ule, kwa hiyo ni 50 × 50 = mita za mraba 2,500, robo ya hekta. Ukizidisha sentimita za mraba kwa 50 tu, jibu linakuwa dogo mara 50. Huwa naandika juu ya karatasi kabla ya kazi: cm² 1 = m² 2,500. Baada ya hapo nahesabu miraba tu.

Nilifuatisha mpaka wa shamba kwenye karatasi ya kupitisha mwanga kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikaiweka juu ya karatasi ya grafu yenye miraba ya sentimita 1. Miraba iliyo ndani nzima ilikuwa 46, kila mmoja nikauwekea nukta ili nisiuhesabu mara mbili. Kwa miraba iliyokatwa na mpaka, ule ambao nusu yake au zaidi imo ndani huhesabiwa kuwa mmoja, ulio chini ya nusu huachwa. Nilipata 13 ya namna hiyo, jumla 59. Kisha nikaisogeza na kuizungusha kidogo karatasi ya juu, nikahesabu upya: 58. Tofauti ya mmoja au miwili ni ya kawaida. Ikifika mitano, kuna mahali umeruka au umerudia. Wastani ni 58.5.

58.5 × 2,500 = mita za mraba 146,250. Gawanya kwa 10,000, unapata hekta 14.6. Gawanya kwa 4,047, unapata ekari 36 na kidogo.

Sikuishia hapo, kwa sababu mikorosho yenyewe inaweza kukuhakikishia. Ile imepandwa mita 12 kwa 12, kila mti ukishika mita za mraba 144. 146,250 ÷ 144 ni karibu miti 1,015. Hesabu ya kikundi ilikuwa 960, na mapengo yapo, hasa ukingoni mwa korongo ambako hakuna mti. Kama ningetumia ile nakala iliyopunguzwa na kushikilia 1:5,000, eneo lingetoka karibu nusu, miti kama 500 tu, na mtu anayelijua shamba angegundua papo hapo.

Kuna jambo moja dogo linalokula ekari: unene wa mstari wa mpaka. Mstari wa nusu milimita ni mita 2.5 ardhini. Mzunguko wa shamba hili kwenye ramani ni kama sentimita 30, yaani mita 1,500, kwa hiyo mstari peke yake unafunika mita za mraba 3,750, karibu ekari nzima. Fuata katikati ya mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho, usibadilishe ukingo wa ndani na wa nje njiani. Nami katika majibu huandika "ekari 36", si "36.14", maana njia hii haina uwezo wa kusema zaidi ya hapo.