Siku niliyorudisha funguo za Kisauni

Mwisho wa Juni 2019 niliacha kusimamia jengo la nyumba kumi na mbili Kisauni, Mombasa. Mwenye jengo ni mama mtu mzima. Kijana wake alikuwa amerudi nyumbani na kusema kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Sikuona ubaya. Nilijua pia kwamba barua ya makabidhiano ningeandika mimi, na kwamba kila neno humo lingenifuata.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda sana: "Dipoziti zote za wapangaji nimezikabidhi." Niliifuta usiku uleule, baada ya kuketi na leja.

Kijana alikuwa tayari amepiga hesabu yake. Kodi ni 15,000, dipoziti ni ya mwezi mmoja, nyumba kumi na mbili, basi 180,000. Hesabu safi, ila jengo haliko hivyo. Nyumba namba 7 ilikuwa tupu, na mpangaji wake nilikuwa nimeshamrudishia. Wapangaji wa namba 2 na 5 walinitangulia pale, dipoziti zao walimpa mama mwenyewe mkononi, enzi kodi ikiwa 9,000. Zangu zilibaki tisa, na wa namba 11 alikuwa amelipa 8,000 tu, akaahidi zilizobaki "mwezi ujao", mwezi ambao ulikuwa haujafika. Jumla niliyotakiwa kuwa nayo ni 128,000.

Nikaangalia akaunti ya dipoziti. Ilikuwa na 116,000.

Nilijua 12,000 imekwenda wapi kabla hata sijafungua faili. Miezi minane nyuma pampu ya maji iliungua, kodi zilikuwa zimechelewa, nikampigia mama simu. Akasema tengeneza. Nikachukua pesa iliyokuwa karibu, fundi akafanya kazi, risiti nikaibana kwenye faili, na nia ya kurudisha kodi zikiingia. Sikurudisha. Pampu ni ya mwenye nyumba, lakini dipoziti ni ya mpangaji mpaka siku anapohama. Nilikuwa nimetengeneza mali ya mtu kwa pesa ya mtu mwingine, na ruhusa yenyewe ilikuwa ya mdomo.

Asubuhi nikaenda kwao. "Shikamoo mama," nikamweleza yote, nikaweka risiti mezani. Akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Marahaba. Nilikwambia utengeneze, mwanangu," akasema. "Sikukwambia kwa pesa ya nani."

Sikuwa na jibu. Nilitia 12,000 zangu kwenye akaunti siku hiyohiyo, na pampu nikaiandika kwenye barua peke yake, kama deni analodaiwa yeye, mbali kabisa na dipoziti. Baadaye alinilipa, kwa awamu mbili.

Barua ya mwisho ikawa na jedwali: namba ya nyumba, jina la mpangaji, dipoziti iliyolipwa, tarehe ya risiti, na safu ya mwisho iliyoandikwa "pesa iko kwa nani". Safu hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Kwenye namba 2 na 5 sikuwa na risiti, kwa hiyo nilimwomba mama ajaze kwa mkono wake. Akakumbuka zote mbili bila daftari. Dipoziti ya namba 5, alisema, ndiyo iliyonunua saruji ya ngazi. Akaandika 9,000 na 9,000, akatia sahihi pembeni. Kijana akamtazama mamake, kisha akakunja karatasi yake ya 180,000.

Funguo tulizijaribu mlango kwa mlango, mimi, kijana na keateka. Kazi ya asubuhi nzima, na ninyi mnaohesabu funguo mezani mnajidanganya. Ufunguo wa akiba wa namba 6 uliingia lakini haukuzunguka: mpangaji alikuwa amebadilisha kitasa kimyakimya. Kwenye barua nikaandika hivyo hivyo, "ufunguo wa akiba haupo, kitasa kimebadilishwa na mpangaji," na mpangaji akaahidi mbele yetu kutoa nakala.

Kisha tukasoma mita za maji pamoja, tukaandika namba na tarehe, ili bili ya kabla ya siku hiyo ibaki kwangu. Mikataba, leja na risiti nilizitoa asili, nikabaki na nakala. Barua mbili, sahihi kila ukurasa. Jioni wapangaji wote wakapata karatasi fupi ya kuwaambia kodi ya Julai ilipwe wapi na dipoziti yao sasa iko kwa nani.

Bado wawili walinitumia kodi ya Julai kwa simu, kwa mazoea. Niliipeleka kwa kijana siku hiyohiyo na kuandikishana.

Mwaka uliofuata mpangaji wa namba 5 alihama. Kijana akanipigia kuuliza dipoziti yake ni ngapi. Nikamwambia afungue ukurasa wa pili, mwandiko wa mamake.