Jina la kampuni ya ulinzi

Wiki hii mimi na mwenzangu tumekamilisha uchaguzi wa jina la kampuni yetu ya ulinzi hapa Dar es Salaam, nami nimeona niwashirikishe tulivyofikiri.

Mapendekezo ya awali yalikuwa Chui, Radi na Kikosi. Yanaonyesha nguvu, lakini wateja tunaowalenga ni shule za awali na nyumba za kupangisha, ambako mlinzi hukutana zaidi na wazazi, wapangaji na wageni kuliko wezi. Neno Kikosi lina tatizo jingine zito: linafanana na lugha ya polisi na jeshi, na mtu aliyesimamishwa getini hapaswi kudhani kwamba anayemhoji ni askari wa serikali.

Tulilijaribu kila jina kwa sauti, kama mlinzi atakavyolitamka akipokea simu usiku: “Habari za usiku, hapa ni Radi.” Anayepiga simu kwa hofu hatatulizwa na salamu hiyo. Upande wa pili, majina kama Amani na Faraja yalikuwa mapole mno, kiasi kwamba yangeweza kuwa ya zahanati.

Tulilipenda neno Lindo, kwa kuwa linataja zamu yenyewe ya mtu aliye macho. Tuliliongezea Imara, tukaliacha jina la mtaa ili lisitubane tukipata kazi Kibaha au Morogoro. Kabla ya kuchapisha sare, tunahakikisha kwanza kupitia mfumo wa BRELA kwamba halifanani na jina lililokwisha kusajiliwa.