Nilivyopanga "baadaye" za dawa ya mama

Mama yuko Tanga, mi niko Dar, na dawa yake ya presha ni kidonge kimoja tu kila siku, amlodipini ya miligramu 5, anameza saa 2 usiku baada ya kula. Kidonge kimoja, lakini alikua anakisahau hadi mara tatu kwa wiki. Mi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta basi nkasema hili dogo, naweka kikumbusho cha meseji maana simu yake ni kiswaswadu, programu za simu janja hazipandi. Meseji inaingia, anajibu 1 akishameza, anajibu 2 kama anataka kukumbushwa baadaye. Nikaandika jioni moja nikalala zangu.

Usiku wa kwanza ilienda saa 8 usiku. Nilikua nimeandika 02:00 kwenye seva, hiyo ndo saa 2 yetu kichwani mwangu, kumbe seva inaelewa saa nane. Saa 2 usiku ni 20:00, najua, unajua, ila kidole kiliandika chenyewe. Mama asubuhi kanipigia, "mwanangu kuna tatizo gani, meseji ya usiku wa manane nikajua msiba."

Hilo lilikua rahisi. Kilichonisumbua ni ile 2. Mwanzo niliweka kila dakika 10 irudi mpaka ajibu 1. Ndani ya wiki mama akawa anajibu 1 hapohapo simu ikilia, hajameza wala hajanyanyuka, manake anajua asipofanya hivyo haitanyamaza. Nilijua kwa sababu ile karatasi ya vidonge haipungui inavyotakiwa. Kwenye mfumo wangu kila kitu safi kabisa, amemeza siku saba kati ya saba, na kwenye karatasi vimetoka vinne.

Nkaenda upande wa pili, kila akiahirisha muda unazidishwa mara mbili, 10, 20, 40, 80. Njia hiyo inafaa mashine inapojaribu tena kuongea na mashine mwenzie, ila kwa mtu mwenye saa yake ya kulala haifai. Akiahirisha mara nne tu umeshafika saa 4 na nusu usiku, mtu kalala tangu saa 4.

Hapo ndo nikakaa chini nikagundua nachanganya vitu viwili. Akijibu 2, meseji ameiona, simu iko mkononi, anajua, ila anapika au bado hajala. Asipojibu kabisa, sijui chochote. Inawezekana simu iko chumbani, inawezekana imeisha chaji, inawezekana mama kadondoka. Mi nilikua navipa muda uleule! Aliyeniambia "baadaye" anastahili kuachwa apumue, aliyekaa kimya ndo wa kufuatiliwa haraka kisha aulizwe mtu aliye karibu nae. Basi nikatenganisha:

```python
BAADAYE = [20, 40]   # dakika, akijibu 2
KIMYA   = [15, 30]   # dakika, asipojibu
MWISHO  = "22:00"

ijayo = sasa + hatua
if kimya_kimeisha or ijayo > mwisho:
    mwambie_dada()
```

Yani akijibu 2 mara ya kwanza inarudi baada ya dakika 20, mara ya pili 40, mara ya tatu hamna tena 2, meseji inasema tu "jibu 1 ukimeza". Akiwa kimya, dakika 15 inarudi, zikipita 30 nyingine za kimya dada yangu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama anapata meseji. Na ile MWISHO inahesabiwa kutoka muda wa dawa, sio kutoka pale alipobonyeza mara ya mwisho. Nilikosea hilo mwanzo, kila akibonyeza mwisho nao unasogea, haufiki milele.

Mfano wa siku moja. Saa 2:00 imetoka, saa 2:03 kajibu 2, alikua anaepua wali. Saa 2:23 imerudi, kimya. Saa 2:38, kimya. Saa 3:08 dada kapata, na meseji yake haisemi "mama hajameza" kwa sababu hilo sijui, inasema "mama aliomba baadaye saa 2:03, tangu hapo kimya, jibu 1 kama kameza". Kaenda, kakuta simu iko chumbani kwenye chaji na mama kameza zamani anaangalia tamthilia. Dada kajibu 1 na pale kila kitu kinafungwa, cha mama na cha dada. Usipofunga pande zote mbili simu ya mama itaendelea kulia kwa kitu ambacho watu wawili wameshakithibitisha.

Mwezi wa kwanza dada aliitwa mara 11, na mara 8 kati ya hizo mama alishameza, kasahau kujibu tu. Kaniambia, "kaka, hii kengele yako ntaizima." Na ana haki, mtu ukimwita bure mara 8, ya 9 ndo ya kweli na haji. Kipindi hicho kimya cha pili kilikua dakika 15, nikapeleka 30, mwezi uliofuata kaitwa mara 4. Hiyo ndo namba pekee nayoiangalia saivi, ameitwa mara ngapi akakuta mambo sawa.

Sasa kuacha. Nilimuuliza mfamasia, kasema akikumbuka usiku ule ameze, ikishakaribia ya siku inayofuata aruke, na asimeze viwili kufidia. Kwa hiyo hiki kikumbusho lazima kife, na kufa kwenyewe kuna mtego. Siku moja simu ilizima jioni, asubuhi kaiwasha, meseji za jana zikaingia kwa mkupuo, "ni muda wa dawa". Bahati nzuri kanipigia kuuliza kwanza. Kumbe mtandao unaishikilia meseji mpaka simu ipatikane. Kwenye kutuma kuna sehemu ya kuweka uhai wa meseji, nikaiweka iishe kabla hatua inayofuata haijafika, ikichelewa itupwe hukohuko. Na ikifika saa 4 usiku bila jibu naandika IMEPITA, sio naifuta, halafu saa 1 asubuhi mama anapata moja tu: "Kama jana hukumeza, imepita. Usimeze viwili. Ya leo ni saa 2 usiku." IMEPITA tatu ndani ya siku saba, napigiwa mi.

Kliniki yake ya kila mwezi nilijaribu kuitumia sheria hizohizo, haikukubali. Kule hatua ni siku sio dakika, siku 7 kabla, siku 2, kisha jioni ya kuamkia. Na tarehe ikipita hakifi, kinageuka swali, "ulienda?", manake kliniki iliyopita bado inatakiwa ipangwe upya, na akisema hapana linakuja kwangu moja kwa moja bila kupitia kwa dada. Kumwagilia mchicha nako aliniomba niweke, hicho kinalia mara moja asubuhi, asipojibu basi, haitwi mtu.

Wiki iliyopita kajibu 2 saa 2:01, akajibu 2 tena saa 2:21, na ya tatu saa 3:01 kaandika kwa herufi, "NAKULA". Mfumo hauelewi hiyo, umeihesabu kimya.