Picha Nne za Hesabu

Juzi mpwa wangu aliniletea simu yake. Kwenye kundi la darasa lao mtu kabandika mtihani mzima, hana salamu wala maelezo. "Shangazi, nimjibu au nimshtaki?" Nikamwambia asubiri, nami nikakumbuka mwezi mmoja wa mitihani ya mock, nilipokuwa bado nafundisha tuisheni kule Kisauni.

Picha ziliingia saa tatu asubuhi, kutoka kwa binti niliyemsomesha likizo iliyotangulia. Picha nne za hesabu, karatasi ya pili. Binti huyu hata akiwa na swali dogo alianza na shikamoo. Siku ile hakuandika hata neno.

Nikazikuza moja moja. Ukurasa wa mbele, penye jina la mtihani, tarehe na maagizo, haukuwamo. Na nafasi zote zilikuwa tupu. Hilo ndilo lililonishughulisha zaidi, kwa sababu hesabu hujibiwa kwenye karatasi yenyewe, chini ya kila swali, kisha karatasi hukusanywa. Aliyekwisha kuufanya mtihani hatoki nao, sembuse kutoka nao mweupe. Muda wake ni saa mbili na nusu. Ukianza saa mbili asubuhi, saa tatu watu wako katikati.

Lakini dalili si ushahidi. Kuna walimu wanaogawa nakala zilizobaki ili wanafunzi warudie. Kuna mtoto aliye na homa nyumbani, amepokea picha kwa mwenzake. Na mock za pamoja zina tatizo lake: shule kadhaa hutumia karatasi moja, na si zote huifanya siku moja. Kwa hiyo binti angeweza kuwa msafi kabisa, ameshaufanya jana, huku majibu yangu yakifika kabla ya kesho kwa watoto wa shule nyingine.

Nilikaa na simu mkononi. Kumjibu ilikuwa kazi ya nusu saa. Kumwambia "unaiba mtihani" ilikuwa kazi ya sekunde moja, na kama nimemkosea lisingefutika. Nikapima hasara. Aliye mkweli nikimchelewesha hupoteza saa chache. Aliye ndani ya chumba cha mtihani nikimjibu, wanaoumia ni wenzake waliokesha wakisoma. Hata mfano unaofanana, wenye namba nyingine, ungemsaidia vilevile, kwa hiyo nao niliuacha.

Nikamwandikia: "Binti yangu, hujambo? Huu ni mtihani wa wapi, na mmeshaufanya? Kama kuna shule bado, sitaugusa hadi wote wamalize. Kama unarudia, nipigie picha ya kazi yako mpaka pale ulipokwama. Nitakusaidia, sijakataa."

Hakujibu. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu ambaye shule yao ilikuwemo kwenye mock ile, nikamsomea swali moja. Akanyamaza, kisha akasema wao wanaifanya mchana huo. Nilimweleza kuwa karatasi inazunguka. Jina la binti sikulitaja. Kilichohitaji kuokolewa ni mtihani, na juu ya yule binti sikuwa na hakika ya lolote. Wakabadilisha karatasi. Walivyoipata nyingine haraka vile, sijui.

Usiku binti akatuma kazi yake, na shikamoo safari hii. Walikuwa wameifanya jana yake, akasema, na mwalimu akawapa nakala zilizobaki. Alikwama swali la kodi ya mapato. Kipato shilingi 40,000. Elfu 10 za kwanza asilimia 10, elfu 15 zinazofuata asilimia 15, zilizobaki asilimia 20. Nafuu ya kodi 1,200. Yeye aliitoa nafuu kwenye kipato kwanza, akabaki na 38,800, akapata kodi 6,010. Nikamwonyesha: piga kodi ya kipato chote, 1,000 na 2,250 na 3,000, jumla 6,250, ndipo utoe nafuu. Jibu ni 5,050. Kosa hilo hufanywa na mtu aliyepambana na swali mwenyewe, na lilinituliza kuliko maelezo yake yote.

Tulipomaliza aliuliza, "Mwalimu, asubuhi ulinidhania mwizi?"

Nilimwambia sikujua, na kwamba kutojua ndiko kulikonifanya niulize badala ya kuamua. Akaniambia angependa ningemwamini. Nikamwambia shule nyingine ilikuwa bado haijaufanya. Alikubali kuhusu ile shule. Kuhusu kuaminiwa hakukubali, na sidhani alikuwa na wajibu wa kukubali.